Mafuta ya karafuu: yasemwayo na ukweli wake

Katika chupa nyingi zenye harufu kali zinazouzwa sokoni hapa Lindi na Mtwara, ninayoiogopa zaidi ni ya mafuta ya karafuu, kwa sababu watu wameizoea.

"Karafuu tunakula kwenye pilau kila siku, mafuta yake yatamdhuru nani?"

Pilau la sufuria zima huwekwa punje chache tu. Mafuta haya hukenekwa kwa mvuke, na kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kimebeba yaliyomo katika gramu 30 hivi za karafuu kavu. Hayo ni mamia ya punje kwa mkupuo mmoja. Kinachodhuru ni yujenoli, kemikali iliyojaa kwenye mafuta haya, ambayo ini hushindwa kuimudu ikiingia kwa wingi. Watoto wadogo waliomeza kiasi cha kijiko kimoja au viwili wamepata degedege, wamepoteza fahamu na ini kuharibika. Kwa hiyo hata "tone mbili za tumbo" kwenye uji wa mtoto, tafadhali, hapana.

"Yakipakwa bila kuchanganywa yanaponya haraka. Mbona hayaumi?"

Hayaumi kwa sababu yujenoli inatia ganzi. Mtu anajipaka gotini, maumivu yanapungua, anaongeza tena, na huku ngozi inaungua bila yeye kuhisi. Ganzi ikiisha ndipo anaona wekundu, malengelenge au ngozi inayobanduka. Wengine ngozi yao huyakataa moja kwa moja, na tangu hapo hata kidogo huwawasha.

Yazimue kwa mafuta ya nazi au ya ufuta, ambayo huku kwetu hayatafutwi mbali. Chukua vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, udondoshee matone 3 tu ya karafuu, ukoroge. Hiyo ni kama nusu ya asilimia moja, na kwa karafuu inatosha. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, usubiri siku nzima. Usipake kwenye kidonda, karibu na macho, wala kwa mtoto mchanga.

"Si ningezimua kwa maji tu?"

Maji na mafuta havishikani. Tone litaelea na kugusa ngozi likiwa kali vilevile.

"Mtoto akimeza, mtapishe."

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana anayelifanya ni mama anayetaka kuokoa. Akitapika, mafuta mepesi kama haya huteleza hadi kwenye mapafu na kuyaunguza. Akikohoa au kupumua kwa shida baada ya kumeza, huenda yameshaingia. Futa mdomo, usimtie kidole kooni, mkimbize hospitali, Ligula au Sokoine au iliyo karibu zaidi, na uende na ile chupa ili daktari aone ni mafuta gani na yamepungua kiasi gani. Akitaka mtoto alazwe ingawa anacheza, mkubalie: dalili za ini huweza kuchelewa hadi kesho yake.