Rangi ya kijiti cha mkojo: inasema nini kuhusu sukari na ketoni

Kijiti cha mkojo kimeonyesha sukari, lakini mashine ya damu inasoma 5.6. Nifuate kipi?

Kama unataka kujua hali yako ya sasa, fuata damu. Lakini usikitupe kijiti ukidhani kimekosea, maana huenda vyote viwili vinasema kweli kuhusu saa tofauti.

Figo huchuja sukari iliyo kwenye damu, kisha huirudisha mwilini karibu yote. Kazi hiyo huanza kuzielemea sukari ya damu inapokaribia 10 mmol/L (180 mg/dL kwa mashine zinazotumia kipimo hicho). Hapo ndipo sukari huanza kupita kwenye mkojo.

Tuseme ulienda haja ndogo saa sita na nusu mchana, ukala saa saba. Saa nane sukari ikapanda hadi 13, saa tisa na nusu ikawa imeshuka chini ya 10, na saa kumi na moja jioni ukapima damu ukapata 5.6. Mkojo unaoutoa saa hiyo umekusanyika kibofuni tangu saa sita na nusu, na ndani yake imo sukari iliyomwagika ule wakati wa saa nane. Kijiti kinakusomea mchana mzima kwa pamoja, damu inakusomea dakika hii.

Unaweza kulihakikisha hili mwenyewe. Toa mkojo wote, kunywa maji, subiri nusu saa, kisha toa mkojo mwingine na upime huo wa pili. Ikiwa sukari ya damu imetulia, rangi itafifia sana au haitatokea kabisa.

Hata hivyo, kama hujawahi kuambiwa una kisukari, rangi hiyo ni sababu tosha ya kupima damu kabla ya kula asubuhi. Wapo watu ambao figo zao huachia sukari mapema ingawa damu yao ni ya kawaida, na ujauzito nao hushusha kile kiwango cha 10. Ndiyo maana mjamzito hathibitishiwi wala haondolewi kisukari kwa mkojo. Hupimwa damu, mara nyingi baada ya kunywa glukosi.

Kijiti hakijabadilika rangi hata kidogo. Si ina maana sina kisukari?

Hapana, na kosa hili linanisikitisha kuliko mengine kwa sababu humfanya mtu akae miaka bila matibabu. Sukari ya kufunga ikiwa 7.0 au zaidi, na ikathibitishwa kwa kipimo kingine, hicho ni kisukari. Mtu mwenye 8 au 9 kila asubuhi hajafika 10, kwa hiyo kijiti chake kinaweza kubaki safi. Kwa wazee wengi figo huanza kuachia sukari ikiwa juu zaidi ya hapo, hivyo wao wanaweza kuwa na 12 na mkojo usionyeshe kitu.

Tena, kijiti hakiwezi kabisa kuonyesha sukari iliyoshuka. Damu ikiwa 3.0 na damu ikiwa 6.0, rangi ni ileile. Anayetumia insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho, mkojo hautamwambia lolote.

Vitamini C ya vidonge kwa dozi kubwa nayo huzuia rangi kutokea hata kama sukari ipo.

Natumia dapagliflozini. Damu iko vizuri ila kijiti kinaonyesha sukari nyingi kila siku. Dawa imekataa?

Dawa inafanya kazi. Dapagliflozini, empagliflozini na ndugu zao huziamuru figo ziache kurudisha sukari, ili itoke kwa mkojo. Ukiwa kwenye dawa hizi, upande wa sukari wa kijiti hauna maana tena kwako, hata usipoteze muda kuusoma.

Upande wa ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta badala ya sukari, ndio wa kuangalia, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuleta ketoasidosisi, yaani damu kujaa ketoni na kuwa na asidi, huku sukari ikiwa haijapanda sana. Ukitapika, ukiumwa tumbo au ukipumua kwa shida, usijifariji kwa sukari ya 10. Nenda hospitali upimwe ketoni, na uwaambie jina la dawa unayotumia.

Nina kisukari aina ya kwanza na natapika tangu usiku. Sukari ni 17, kijiti cha ketoni kina rangi ya waridi hafifu tu. Nisubiri mpaka asubuhi?

Usisubiri. Mwili unapokosa insulini hutengeneza hasa ketoni mbili: asetoasetati na beta-haidroksibutireti. Kijiti cha mkojo hubadilika rangi kwa ile ya kwanza, na ile ya pili hakiioni. Bahati mbaya, hali inapozidi kuwa mbaya ni ile ya pili inayoongezeka zaidi, mara nyingi hadi kuzidi ya kwanza mara tatu au zaidi. Kwa hiyo waridi yako hafifu inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya kilichomo. Kijiti kilichoachwa kwenye kichupa kisichofunikwa huingia unyevu, na nacho kinaweza kuonyesha pungufu.

Kipimo cha ketoni cha damu hupima hiyo beta-haidroksibutireti yenyewe. Chini ya 0.6 ni kawaida. Kati ya 0.6 na 1.5, rudia baada ya saa mbili na ufuate maelekezo uliyopewa ya siku za ugonjwa. Ikipita 1.5 wasiliana na wahudumu wako haraka, na ikifika 3.0 ni dharura. Kama huna kipimo hicho, kutapika pamoja na sukari ya 17 kunatosha kukupeleka hospitali usiku huuhuu, kijiti kiwe na rangi gani. Usiache insulini ya muda mrefu eti kwa sababu hujala. Kuiacha ndiko kunakozalisha ketoni zaidi.

Mama amelazwa kwa ketoasidosisi. Anaongea vizuri na sukari imeshuka, lakini kijiti leo kina zambarau nzito kuliko jana. Anazidiwa?

Inawezekana kabisa kwamba anapona. Insulini inapoanza kufanya kazi, beta-haidroksibutireti hugeuka kuwa asetoasetati, yaani ile isiyoonekana inageuka kuwa inayoonekana. Rangi inakolea wakati ketoni zote kwa jumla zinapungua. Ongeza na mkojo wa saa nyingi uliokuwa kibofuni, na unaona kwa nini kijiti kinachelewa nyuma ya damu.

Siku ya kwanza, mtu anapoingia na hali mbaya, kijiti huonyesha pungufu. Siku ya pili, anapopata nafuu, kinaonyesha zaidi. Familia nyingi huogopa siku isiyo ya kuogopa kwa sababu hiyo.

Muulize muuguzi ketoni ya damu ya mama ilikuwa ngapi alipolazwa na sasa ni ngapi. Kwenye matibabu yanayokwenda vizuri hutarajiwa kushuka walau 0.5 kila saa. Mama aliyeingia na 5.0 saa mbili usiku, ikawa 2.8 saa sita usiku, anaenda vizuri. Lakini namba hiyo ikisimama au kupanda, au mama akianza kusinzia na kuhema kwa kasi, mwite muuguzi papo hapo.