Papa wa methali si papa wa baharini: kuandika muhtasari wa mkutano Lamu

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu na muhtasari wa mikutano ya wavuvi hapa Lamu, na kwa miaka yote niliyoifanya sijaona kosa linalorudi kama la kuandika methali vibaya. Hatari yenyewe haiko pale ambapo mgeni angeitafuta. Methali inayotaja tembo na mgema haimchanganyi mwandishi katika kikao cha wavuvi, kwa kuwa hakuna anayegema pale. Inayomchanganya ni ile inayotaja kitu ambacho kiko mezani kweli: samaki, maji, chombo, tanga. Mzee akisema samaki mmoja akioza wote wameoza, huenda anazungumzia sifa ya kikundi kizima inayoharibiwa na mtu mmoja, na huenda pia anazungumzia uhaba wa barafu. Maneno ni yale yale, na kikao ni kile kile.

Kosa nililolifanya mwenyewe lilikuwa la aina hiyo. Ajenda ilikuwa nyavu za matundu madogo, na wasemaji watatu mfululizo walikuwa wamewalaumu vijana wa kijiji kimoja. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya tangu mwanzo akasema, "Avumaye baharini papa," akanyamaza, na watu wa nyuma wakamalizia, "na wangi wapo." Nami, ambaye nilikuwa bado naandika hoja ya msemaji aliyetangulia, nikaiwahi ile sentensi kwa haraka na usiku wake nikaandika katika muhtasari kwamba mzee alitahadharisha kuhusu wingi wa papa. Muhtasari ukaenda ofisini, na baada ya siku chache karani wa huko akapiga simu kuuliza kama kuna mvuvi aliyejeruhiwa.

Kwa aibu nikaandika upya, na safari hii nikaharibu kwa upande wa pili. Niliandika kwamba mzee alidai wapo watu wakubwa wanaofadhili nyavu haramu. Sentensi hiyo ilisomeka vizuri, tena ilionekana ya busara, lakini mzee hakuisema. Yeye alisema kwamba anayesikika si peke yake. Hao wengine ni wakubwa au wadogo, ni wafadhili au wavuvi wenzao, hakugusia. Nilikuwa nimechukua maana ya methali kisha nikaijaza kwa tetesi nilizokuwa nimezisikia barazani. Ikiwa tafsiri ya neno kwa neno ilimfanya mzee aonekane mtu wa kutoka nje ya mada, hii ya pili ilimfanya mshitaki, na kwa kweli ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Rasimu ya tatu, ambayo ndiyo iliyobaki kwenye faili, ilikuwa hivi:

"Mzee mmoja alisema, 'Avumaye baharini papa,' na waliohudhuria wakamalizia, 'na wangi wapo.' Alikuwa akijibu hoja kwamba vijana wa kijiji kimoja ndio wanaotumia nyavu za matundu madogo. Alipoulizwa baada ya kikao, alieleza kuwa alikusudia kwamba si hao pekee wanaozitumia. Hakutaja wengine."

Kifungu hicho kina mambo ambayo sasa siyaachi. Kwanza ni maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, pamoja na mgawanyo wake. Methali nyingi za Kiswahili husemwa nusu, na nusu ya pili huachiwa wasikilizaji; mwandishi akiiandika yote kinywani mwa msemaji, anafuta ushahidi kwamba baraza lilimwelewa na kumuunga mkono. Nimeliacha pia neno "wangi" kama lilivyosikika, badala ya kulisanifisha kuwa "wengi", kwa sababu ndivyo watu wetu wanavyosema. Pili ni hoja iliyokuwa ikijibiwa. Methali ikiondolewa katika mazungumzo huwa kama nanga isiyo na kamba: ipo, lakini haishiki chombo chochote. Tatu ni maana aliyoikusudia msemaji, ikiwa imewekwa wazi kwamba imetoka kwake na imetoka lini.

Msemaji akiwa ameshaondoka, au akiwa hapatikani kwa sababu amekwenda baharini, narudi kwenye kinasa sauti na kusikiliza aliyezungumza baada yake. Katika kikao kile msemaji aliyefuata alisema, "Basi tuwataje wote, tusiwaonee hawa." Hakuuliza papa wameonekana wapi. Jibu hilo peke yake lingetosha kunizuia kosa la kwanza. Kosa la pili nalikagua kwa njia nyingine: napigia mstari kila mtu, kikundi na kitendo nilichokitaja katika maelezo ya methali, halafu natafuta kwenye sauti ni nani aliyekitamka. "Watu wakubwa" na "wanaofadhili" havikutamkwa na yeyote. Kisichopatikana kwenye sauti nakifuta, hata kama nakiamini.

Nahau zina tatizo dogo zaidi, ambalo ni la kipimo. Mvuvi akisema kwamba kwa ile ahadi ya barafu wamepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kuandika kwamba "hawakuridhika" ni kumpunguzia, na kuandika kwamba walimwita mhusika mwongo ni kumzidishia. Naacha nahau ilivyo, kisha naongeza kwamba anaona wamebembelezwa kwa maneno yasiyo na kitu ndani. Muhtasari ukihitajika kwa Kiingereza, simruhusu mfasiri abadilishe methali yetu kwa methali ya Kiingereza inayofanana nayo, kwa kuwa hiyo nayo huja na lawama zake. Nataka maneno yafasiriwe wazi na maana ifuate kando yake.

Iko hali moja ambayo kamusi haiwezi kuisaidia kabisa. Mwanachama mmoja alisimama kuaga kikundi, akieleza kwamba yeye mwenyewe atauza samaki wake kwa dalali. Mzee wa chombo akamwambia, "Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani." Maana yake inajulikana hapa na kila mtu: ukienda nyuma ya chombo au ukienda mbele, mwisho utarudi ngamani, katika tumbo la chombo. Lakini je, lilikuwa onyo kwamba atashindwa na kurudi kwa haya, au lilikuwa neno la upole kwamba mlango haujafungwa? Wengine walicheka, na mmoja akasema, "Mwacheni aende kwa amani." Nilipomuuliza mzee, alitabasamu tu akaniambia, "Mwanangu, andika nilivyosema."

Kwa hiyo niliandika methali, nikaandika kwamba ilielekezwa kwa mwanachama aliyetangaza kuondoka, nikaandika kicheko na lile neno la amani, na nikaongeza kwamba msemaji hakutaka kuifafanua. Katika kikao kilichofuata, kumbukumbu ziliposomwa ili zithibitishwe, mjumbe mmoja alitaka niongeze neno "alionya". Mwingine akapinga, akasema yeye alisikia makaribisho. Mwenyekiti akamgeukia mzee, mzee akatazama nje kwenye gati, na kumbukumbu zikatiwa saini bila neno hilo.