Kasi ipo, bando lipo, mbona picha inaganda?

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la mtandao hufanana: kipimo cha kasi kinaonyesha megabiti 40 kwa sekunde, lakini kwenye mkutano wa video sura ya mzungumzaji inaganda mdomo wazi na sauti inakatika. Wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Simu ya video ya kawaida hutosheka na megabiti 2 hivi, kwa hiyo mara nyingi hela hiyo huenda bure.

Sauti na picha husafiri zikiwa pakiti ndogondogo. Sauti pekee kwa kawaida hutuma pakiti 50 kila sekunde, na kila moja ina zamu yake ya kusikika. Programu husubiri kidogo zinazochelewa, lakini zamu ikishapita, pakiti hutupwa hata kama imefika salama. Kwa picha ni balaa zaidi, maana fremu hutegemea zilizotangulia: pakiti moja ikipotea, picha inaweza kusimama mpaka kasoro irekebishwe. Kipimo cha kasi hakilioni hili, kwa sababu pakiti ikipotea hapo hutumwa tena, na hesabu inaendelea.

Pima ukiwa katikati ya mkutano unaosumbua. Kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike amri hizi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza inalenga ruta yako (anwani yake utaiona kwa `ipconfig`, mstari wa Default Gateway; kama si 192.168.1.1, weka yako), ya pili inatoka nje:

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Kwenye Mac na Linux weka `-c` badala ya `-n`. Upotevu utausoma mwishoni, penye Lost au packet loss. Ukifika asilimia 1 au zaidi, anza kuwa na shaka.

Kuyumba kwa muda, yaani jitter, kunahitaji hesabu kidogo. Tuseme majibu matano yaliyofuatana ni milisekunde 20, 22, 95, 21 na 60. Wastani ni kama 44, namba inayopendeza. Sasa chukua tofauti kati ya kila jibu na linalofuata: 2, 73, 74, 39. Wastani wake ni 47, na kwa kawaida tunataka usizidi 30. Hapo ndipo tatizo lilipojificha.

Ruta yenyewe ikijibu kwa kuyumba, lawama ni ya waifai: sogea karibu, hamia masafa ya 5 GHz, au chomeka waya. Ruta ikiwa shwari na nje kukawa kubaya, angalia kwanza kama kuna simu inayopakia picha mtandaoni, maana foleni ya kupakia huchelewesha kila kitu. Isipokuwepo, mpelekee mtoa huduma majibu yote mawili.

Ping hutuma pakiti moja tu kwa sekunde, hivyo mikatiko mifupi huikwepa. Kwa hiyo linganisha na takwimu za programu yenyewe. Zoom huzionyesha kwenye Settings, sehemu ya Statistics.