"Nikikosea tali, swali zima limekwenda" na uongo mwingine wa takwimu

Juzi nimemaliza kusahihisha karatasi ya pili ya hesabu, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na nimechoka kusikia sentensi moja: "Mwalimu, nilikosea kuhesabu vijiti, basi nikajua swali limekufa." Nani aliwaambia?

Swali lenyewe mnalijua. Mnapewa uzito wa wanafunzi 40, mnaupanga katika makundi kuanzia 40-44 hadi 60-64, mnajaza jedwali, kisha mnatafuta wastani na mkengeuko sanifu. Idadi sahihi za kila kundi zilikuwa 4, 9, 14, 8 na 5. Msichana mmoja aliweka kijiti kimoja kundi la jirani, akapata 13 na 9 badala ya 14 na 8. Jumla bado ni 40, kwa hiyo hakushtuka. Akatumia wastani wa kukisia 52, akagawanya kwa upana wa kundi, yaani 5, akapata Σft = 2 na Σft² = 54. Wastani wake ukawa 52.25, na mkengeuko 5.80. Majibu ya kweli ni 52.125 na 5.75.

Sasa tuhesabu maksi kwa mwongozo wangu, swali likiwa na 10. Safu ya idadi ina 2, amepoteza 1. Katikati ya makundi, 1, amepata. Safu ya ft, 1, na ya ft², 1: nazifuata kwa namba zake mwenyewe, na amezidisha sawasawa, amepata zote mbili. Wastani una M1 ya njia na A1 ya jibu. Njia anayo, jibu hana. Mkengeuko una M1 ya kuweka namba kwenye fomula, M1 ya kufika kwenye kipeuo cha pili, na A1. Amekosa hiyo A1 tu. Jumla ni 7 kwa 10, kwa kijiti kilichopotea njia.

Lakini hakupata 7. Dakika za mwisho aliliona kosa, akachora X kubwa ukurasa mzima, akaanza upya. Muda ulimtosha kujaza idadi na katikati ya makundi tu. Kazi iliyofutwa na kuandikwa upya siisahihishi, nasahihisha ile mpya, na ile mpya ilikuwa na maksi 3. Alijinyang'anya 4 kwa kalamu yake mwenyewe. Angeacha ya kwanza ilivyo, au, kama muda upo, angekata namba mbili kwa mstari mmoja na kurekebisha safu zinazozifuata.

Na kijiti chenyewe hupotea kwa sababu inayojulikana. Wengi husaka kundi moja moja: "wako wapi wa 50-54?" wanapitia orodha nzima mara tano. Soma orodha mara moja, namba kwa namba kwa mpangilio iliyoandikwa, weka kijiti chake, itie alama ya penseli, endelea. Cha tano kipitishe mshazari juu ya vile vinne. Nimewaona wanaochora vijiti saba vilivyosimama wima kama ua, halafu wanashangaa kusoma sita.

Mengine nitayapita haraka. Eti wastani wa kukisia lazima uwe 52? Chagua 47 ukitaka. Fanya hesabu vizuri utarudi 52.125 ileile, ila utazidisha namba kubwa zaidi.

Eti ukikaribisha wastani mapema hakuna madhara? Hili linaniudhi kwa kuwa madhara yake ni makubwa kuliko ya kile kijiti. Anayetumia Σfx²/Σf kutoa wastani kipeo cha pili anaanza na 2750.125. Akitoa 52.125² anapata 33.11, na kipeuo chake ni 5.75. Akikaribisha wastani kuwa 52, anatoa 2704, anabaki na 46.125, na mkengeuko unaruka hadi 6.79. Unatoa namba mbili kubwa zinazokaribiana, kwa hiyo chochote ulichokata kinaonekana chote kwenye kile kidogo kinachobaki.

Na wale wa "kikokotoo kimesema": ukiingiza uzito wa watu 40 mmoja mmoja, usitarajie kupata 52.125 kamili. Jedwali linamchukulia kila mtu wa 50-54 kuwa ana 52, basi jibu lake ni makadirio, na ndilo lililoulizwa. Ukiingiza katikati ya makundi na idadi zake, kisha ukaniletea 5.83, najua ulibonyeza xσn-1 badala ya xσn. Na kama hakuna safu hata moja kando ya hiyo 5.83, sina mahali pa kukuwekea M1.