Kupata wa kubadilishana naye si kupata uhamisho

“Nipo Micheweni, Pemba, nimeshapata mwenzangu wa Mjini, Unguja, tubadilishane. Si nahama tu?”

Hapana, mwalimu wangu. Makubaliano yenu ni pendekezo. Anayehamisha ni mwajiri. Na ofisi ya elimu haihesabu vichwa, inahesabu vipindi. Wewe unasomesha Hisabati sekondari. Mwenzako akiwa wa Kiswahili, skuli yako itabaki na mwalimu mmoja zaidi wa Kiswahili na madarasa yasiyo na Hisabati. Ombi la namna hiyo hukwama hata sababu iwe nzito vipi. Tafuta wa somo lako na ngazi yako.

Sababu nayo iandikwe wazi. “Matatizo ya kifamilia” haimwambii afisa kitu. Andika hivi: “Mama yangu husafishwa damu Mnazi Mmoja mara tatu kwa wiki, na mimi ndiye mtoto pekee wa kumpeleka.” Ambatisha barua ya daktari. Cheti cha dawa peke yake hakionyeshi kwamba matibabu ni ya kudumu, na hilo ndilo linalokuhitaji uwe Unguja.

Kila mmoja wenu aandike barua yake, amtaje mwenzake, skuli na masomo, na aipitishe kwa mwalimu mkuu wake ili atie maoni. Wengi huiruka hatua hii, barua ikarudishwa.

Tafadhali, usipande boti na mizigo kabla ya barua ya uhamisho kutoka. Ukiondoka mapema, unaweza kuhesabiwa umeacha kazi, hata kama mwenzako keshafika darasani kwako.