Rekodi ya tukio la radi kazini: maana yake na namna inavyoandikwa

Kiswahili kina maneno matatu ambayo watu huyachanganya wakati wa mvua. Umeme ni ule mmweko unaouona angani. Ngurumo ni sauti inayofuata. Radi ni ile inayoshuka na kupiga mti, nyumba au mtu. Rekodi ya tukio la radi ni maandishi yanayoyaweka haya matatu kwa mpangilio wa saa, kisha yanaonyesha kila mfanyakazi alikuwa wapi, alikuwa amejikinga na nini, aliumia vipi, na nani alimfanyia nini baada ya pale. Haianzii radi inapopiga. Huanza na ngurumo ya kwanza iliyosikika.

Nasema hivyo kwa sababu taarifa nyingi nilizosoma kutoka mashamba ya miwa na majani chai huku magharibi mwa Kenya zina sentensi moja: "Radi ilipiga ghafla, watu wanne wakaumia." Neno "ghafla" linafuta nusu saa nzima ambayo watu walikuwa wakisikia ngurumo na kuendelea kukata. Nusu saa hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa.

Tuchukue mfano, tuuweke nje kidogo ya Muhoroni, mwezi wa Aprili. Wakata miwa 14 na msimamizi wao wako shambani. Wingu jeusi limejikusanya upande wa milima ya Nandi tangu baada ya chakula cha mchana, kama kawaida ya huku: mchana joto la nchi kavu na upepo unyevu wa ziwa hukutana na milima, na alasiri ngurumo zinaanza. Mvua inaponyesha, watu tisa wanakimbilia banda la mabati lisilo na kuta, lililojengwa hatua chache kutoka kwenye mkuyu mkubwa. Wawili wanaingia chini ya trela. Watatu wanaendelea kukata ili wamalize mstari wao. Radi inapiga mkuyu. Ndani ya banda wanne wanaanguka.

Shida ya kwanza ya anayeandika ni saa. Ukiwauliza mashahidi, mmoja atasema ngurumo ilianza dakika tano kabla, mwingine atasema saa nzima. Usigombane nao. Waombe simu zao. Msimamizi alimpigia dereva wa lori kumwambia aharakishe kwa sababu mvua inakuja, na anakumbuka kwamba ngurumo ilikuwa imelia punde tu. Kwenye simu yake namba hiyo ilipigwa 14:33. Mmoja wa waliokuwa bandani alimwandikia mkewe kwamba wamejikinga mvua. Ujumbe ulitoka 14:51. Simu ya kuomba gari baada ya ajali ilipigwa 15:05, na msimamizi anasema alikuwa ameshamshughulikia mgonjwa kwa dakika moja au mbili wakati mwenzake anapiga. Kwa hiyo radi ilipiga karibu 15:03. Tayari una kamba yenye vifundo vitatu, na maneno ya mashahidi unayafunga katikati yake.

Hapa kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Shahidi anasema "saa tisa", karani anaandika 9:00, na ofisini mtu anasoma saa tatu asubuhi. Nimeona jambo hili likichelewesha fidia ya mtu, kwa kuwa muda wa ajali haukulingana na muda wa hospitali. Andika kwa tarakimu za saa 24 kama simu inavyoonyesha, yaani 15:03, na palepale ongeza "alasiri".

Dalili za onyo huandikwa jinsi zilivyoonekana na kusikika. Mkata miwa mmoja alihesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo kabla ya kuingia bandani, akapata 12. Sauti husafiri kilomita moja kwa takribani sekunde tatu, kwa hiyo radi ile ilikuwa umbali wa kilomita 4 hivi. Kipimo kinachotumika na watu wa usalama ni sekunde 30, sawa na kilomita 10: ukifika hapo au chini yake, kila mtu anapaswa kuwa ndani tayari, na hatoki mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kuhesabu kuna kikomo chake. Mimweko ikifuatana haraka huwezi kujua ngurumo ipi ni ya mmweko upi, na kama ndivyo ilivyokuwa, andika kwamba haikuwezekana kuhesabu. Kwa mtu aliye shambani ngurumo yenyewe inatosha: ukiisikia, wingu liko karibu vya kutosha kukufikia, hata kama juu yako kuna jua.

Kisha makazi. Neno "walijikinga" halisemi kitu, kwa sababu kujikinga na mvua na kujikinga na radi ni mambo mawili tofauti. Banda lisilo na kuta huzuia maji tu. Chini ya trela hali ni ileile. Pa salama ni jengo la kudumu lenye kuta, hasa lile lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, kwa kuwa hivyo huupeleka umeme wa radi ardhini bila kumpitia mtu. Au gari lenye paa na mwili wa chuma, vioo vikiwa vimefungwa. Trekta isiyo na kabini haihesabiki. Rekodi itaje kilichokuwepo, umbali wake, na nafasi yake. Katika mfano wetu palikuwa na lori la miwa mita 150 kutoka bandani, lenye kabini ya watu watatu, na shule ya matofali yenye umeme mita 400. Baada ya radi kupiga, wafanyakazi waliobaki salama walikimbilia shule hiyo, na walipoulizwa walichukua muda gani, walikubaliana kuwa ni dakika kama sita pamoja na matope.

Sasa weka namba hizo pamoja. Kutoka 14:33 hadi 15:03 ni dakika 30. Kufika shuleni ni dakika sita. Banda lile lilichaguliwa kwa sababu lilikuwa karibu, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kusema "tuache kazi". Hilo ni tokeo la rekodi, na neno "ghafla" lingelificha.

Sehemu ya majeraha ndiyo watu huikosea zaidi, kwa sababu wanatarajia kuona mtu aliyeungua. Ni wachache tu wanaopigwa na radi moja kwa moja. Wengi huumizwa na umeme unaoenea ardhini kutoka mahali ilipopiga, kama viwimbi vya jiwe lililotupwa bwawani, ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Mtu aliyesimama ametanua miguu ana mguu mmoja penye nguvu kubwa na mwingine penye nguvu ndogo, na umeme unapanda huku na kushuka kule. Ndiyo maana ng'ombe hufa wengi kwa pamoja chini ya mti: miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana mbali. Radi pia inaweza kuruka kutoka kwenye shina la mti hadi kwa mtu aliye jirani, au kumpitia aliyeshika nguzo au chuma.

Ili kujua ni ipi kati ya njia hizo, chora ramani ndogo. Weka mti, banda, trela, na namba ya kila mtu, pamoja na hatua ngapi kutoka kwenye shina, alisimama au alikaa, na alikuwa amegusa nini. Piga picha ya gome lililochanika kabla mvua ya kesho na wachota kuni hawajafika. Katika mfano huu, wa 1 alikuwa ameegemea nguzo iliyo karibu na mti. Alipatikana ameanguka, hapumui. Wa 2 alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo. Miguu yake ilikuwa baridi, haisogei, na ilirudi kufanya kazi baada ya saa chache, jambo ambalo radi hulifanya mara nyingi na ambalo wengi hulidhania kuwa ni kiharusi. Wa 3 alitoka damu sikioni. Wa 4 alikuwa akizungukazunguka akiuliza yuko wapi; maneno ya mtu wa namna hii yaandikwe, lakini usimtegemee kwa saa, kwa maana kumbukumbu yake ya dakika zile huenda isirudi. Kwenye mgongo wa wa 2 palikuwa na michoro myekundu kama matawi ya mti. Hiyo hufifia ndani ya saa au siku moja, kwa hiyo ipigwe picha, kwa idhini yake, kabla hajalala.

Katika uokoaji, andika nani alihudumiwa kwanza na kwa nini. Ajali nyingi hutufundisha kumwendea anayelia. Kwa radi mpango hugeuka: anayelia anapumua, na kwa kawaida ataishi, aliyelala kimya ndiye wa kukimbiliwa. Radi husimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Moyo mara nyingi huanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na moyo ukikosa hewa unasimama mara ya pili. Msimamizi alimwendea wa 1, akakandamiza kifua mara 30, kwa kasi ya kati ya 100 na 120 kwa dakika, akapuliza pumzi mbili, akarudia. Pumzi zilirudi kabla ya gari kufika 15:16.

Rekodi iseme pia kama kuna aliyesita kumgusa. Huku kwetu bado wapo wanaoamini kwamba aliyepigwa ana umeme mwilini, au kwamba radi ilitumwa na mtu na anayemgusa itamfuata. Mwili hauhifadhi umeme hata kidogo, na anaweza kuguswa mara moja. Hofu hiyo, ikiwa ilikula dakika mbili, dakika hizo ziandikwe bila kumtaja jirani yeyote anayeshukiwa. Tuhuma kama hiyo ikiingia kwenye karatasi ya kazini inaweza kumfikia mtu asiye na hatia ikiwa na muhuri juu yake.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba, na ndani ya saa 24 ikiwa mtu amefariki. Lakini usilifunge daftari siku ya saba. Sikio lililopasuka, usahaulifu, na ukungu wa macho unaoweza kuja majuma au miezi baadaye ni sehemu ya tukio lilelile, na kila moja huongezwa likiwa na tarehe yake. Katika mfano wetu, mstari wa mwisho uliandikwa juma la sita: wa 3 amerudi kukata miwa, sikio la kushoto bado halimsikii msimamizi akiita kutoka upande wa pili wa shamba.