Ndoo ya Mbolea na Homa ya Uani: Maswali na Majibu ya Bustani Ndogo, Slaidi kwa Slaidi

Slaidi ya 1: Chombo

*"Uani kwangu Kisauni, Mombasa, ni padogo. Nianze na chombo gani?"*

Hatua: Tafuta ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko, zile za rangi, uzioshe mpaka harufu ya rangi iishe. Moja utakuwa unaijaza, na nyingine itakuwa imetulia inaiva. Toboa matundu kitakoni na ubavuni kwa msumari uliopashwa moto. Iweke ndoo juu ya matofali, kivulini, mbali na kisima. Chini kabisa tandaza vijiti na makumbi yaliyochambuliwa, kimo cha kiganja, hewa ipate kupita.

Kosa: Kuogopa kutoboa kwa sababu "itachafua sakafu". Viumbe wadogo wanaogeuza taka kuwa mbolea wanavuta hewa. Ukiwaziba wanakufa, na nafasi yao wanaichukua wale wasiohitaji hewa, ambao ndio wenye harufu ya yai viza. Ukihofia sakafu, iweke ndoo juu ya mchanga.

Slaidi ya 2: Cha kutia

*"Wali uliolala, machicha ya nazi, matumbo ya samaki, vyote vyatoka jikoni. Si vyote vyaoza?"*

Hatua: Tia maganda ya mbatata, ndizi, muhogo na maembe, vikonyo vya mchicha, majani ya chai, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Katakata vipande visizidi urefu wa kidole, maana kipande kidogo huoza upesi. Machicha ruhusa, lakini konzi moja tu kwa siku, yachanganywe ndani kabisa. Yana mafuta, na yakiachwa juu hukaa siku mbili tu yakawa na ukali unaoita siafu na panya.

Kosa: Wali, sima, mchuzi, nyama na samaki. Kuoza vitaoza, hilo sibishi. Lakini kabla havijaoza, panya wa mtaa mzima watakuwa wameshapata habari, na kunguru watakufunulia mfuniko asubuhi wakutapanyie uchafu mpaka mlangoni kwa jirani. Mabaki ya chakula kilichopikwa wape kuku, au yafukie shimoni.

Kidogo kuhusu majivu ya makaa, kwa kuwa nayaona katika kila ndoo ninayofunuliwa. Ardhi yetu ya kisiwani na sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya mawe ya matumbawe, tayari ina chokaa nyingi. Ukiongeza majivu kila siku mchicha utakuwa wa njano, kisha utalaumu mbegu.

Slaidi ya 3: Kikavu juu ya kibichi

*"Ndoo yangu yanuka na ina mafunza. Mume wangu asema niitupe."*

Hatua: Usiitupe. Kila bakuli moja la taka mbichi lifuatwe na mabakuli mawili ya kitu kikavu: majani ya mkungu au mwarobaini yaliyopukutika, nyuzi za makumbi, boksi lililochanwa, au pumba za mbao kwa fundi seremala. Weka gunia la majani makavu kando ya ndoo, ili usiwe na kisingizio siku ya haraka. Tabaka la mwisho juu daima liwe kavu, upana wa vidole vitatu, kwa sababu nzi hutaga pale anapoona unyevu.

Kosa: Kutia taka mbichi peke yake siku baada ya siku. Kuna mama mmoja Likoni nilimkuta katika hali hiyo hiyo ya muulizaji. Ndoo yake ilikuwa imejaa robo tatu, maganda ya mbatata na maembe matupu, na maji meusi yanatiririka. Alikuwa ameshamwagia dawa ya wadudu, jambo ambalo naomba lisirudiwe, kwa kuwa mbolea ile itakwenda kwenye mboga. Ya kwake ilibidi aimwage yote shimoni akaanza upya.

Kama hukutia dawa, ndoo yaokoleka. Imwage yote juu ya gunia lililopasuliwa, wakati wa jua. Kuku wakiwepo waachie saa moja wale mafunza. Kisha changanya na majani makavu ndoo moja na nusu hadi mbili, na urudishe juu ya vijiti vipya, itakayobaki iende ndoo ya pili. Kipimo ni mkono. Chukua konzi, ikamue kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili, unyevu uko sawa. Maji yakichuruzika ongeza kikavu, na konzi likifumuka vumbi nyunyiza maji. Harufu hupungua ndani ya siku chache. Isipopungua, fukua ukatazame chini: mara nyingi matundu yameziba.

Na kuichoma taka ile mbichi kwa plastiki na mafuta taa, moshi ukamwingia mtoto mwenye pumu, si njia ya kuondoa harufu.

Slaidi ya 4: Mfuniko na sahani

*"Hii ni ndoo ya taka, si ya maji. Mbu wa homa atatoka wapi?"*

Hatua: Funika ndoo kwa mfuniko uliogeuzwa, upande wenye ukingo uangalie chini, maji ya mvua yateleze. Kama umekinga sahani chini, imwage kila siku, na mara moja kwa wiki isugue kwa brashi na sabuni.

Kosa: Kuangalia ndani ya ndoo na kusahau kilicho pembeni yake. Mbu anayeeneza dengi na chikungunya, yule mweusi mwenye madoadoa meupe anayeuma mchana, hahitaji mtaro. Anataka maji kidogo yaliyotulia, na maji ya mvua yenye majani machache yaliyooza ndiyo anayoyapenda. Hayo yanapatikana juu ya mfuniko, katika sahani, katika vifuu, na katika madafu matupu ambayo watu huyarundika kando ya ndoo wakisema "yatakuja kuoza". Dafu halitaoza leo wala mwezi ujao. Lipasue vipande vinne, ulaze mgongo juu.

Yai la mbu huyu hugandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Ndiyo maana kumwaga bila kusugua hakutoshi. Kwa joto letu, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja. Dengi imeshalipuka Mombasa mwaka 2013 na tena 2017, na mwishoni mwa 2017 ikaja chikungunya iliyoendelea mpaka 2018. Masika ya Aprili hadi Juni ndipo ninapozunguka zaidi kugeuza mifuniko ya watu.

Slaidi ya 5: Homa

*"Mtoto alichemka siku tatu, malaria haikuonekana, na leo homa imeshuka yenyewe. Si ameshapona?"*

Hatua: Mpeleke kituo cha afya leo. Huenda amepona kweli, wengi hupona. Lakini kwa dengi hatari huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, pale maji ya damu yanapoweza kuvuja nje ya mishipa. Hilo hulijui kwa kumgusa paji la uso.

Kosa: Kusema "homa imeshuka" na kulala. Homa kushuka si kupona. Mtoto ambaye homa imeshuka lakini tumbo linamuuma sana, anatapika hakomi, anatoka damu puani au kwenye fizi, amelegea, au hakojoi kama kawaida, huyo hali yake imezidi kuwa mbaya. Usingoje asubuhi, wala baba yake arudi safari. Nasema tena kwa sababu nalisikia kila msimu: homa kushuka si kupona.

Na kipimo cha malaria kutoonyesha kitu si ruhusa ya kwenda duka la dawa kujinunulia vidonge vya maumivu. Brufeni, diklofenaki na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu kwa mgonjwa wa dengi. Wakati mnajiandaa kwenda, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake, na umnyweshe maji, madafu au uji mwepesi, kidogo kidogo. Mjamzito, mzee na mwenye kisukari nao waende mapema, hata kabla ya dalili hizo.

Slaidi ya 6: Kugeuza

*"Nageuza kwa mkono mtupu. Si udongo tu?"*

Hatua: Geuza mara moja kwa wiki kwa kijiti kinene au uma wa bustani, kilichokuwa pembeni kiingie kati. Vaa glavu na viatu.

Kosa: Mkono mtupu ndani ya taka yenye vigae na mifuniko ya mikebe. Ukijikata, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha uende ukaulizwe kuhusu sindano ya pepopunda. Kahawa ya unga, majivu na dawa ya meno havipakwi kwenye kidonda.

Slaidi ya 7: Pampasi

*"Pampasi na kinyesi cha paka navyo vyaoza. Mbona wavikataza?"*

Hatua: Vitenganishe na taka nyingine tangu mwanzo, visiikaribie ndoo.

Kosa: Kuamini kwamba kuoza kunaua vijidudu. Kinachoua mayai ya minyoo ni joto, nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa, na joto hilo hupatikana katika lundo kubwa la kama mita moja kila upande. Ndoo ya lita 20 hupata vuguvugu tu, kisha hupoa. Mayai ya minyoo yatakwenda salama mpaka kwenye majani ya mchicha wako.

Slaidi ya 8: Kuvuna

*"Nitajuaje imeiva?"*

Hatua: Ndoo ikijaa, iache miezi miwili hadi mitatu, ukiendelea kuigeuza. Mbolea iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka, na huwezi kutambua ganda la nini lilikuwa wapi, isipokuwa la yai. Ukiwa na shaka, tia konzi ndani ya mfuko, ufunge siku tatu, kisha unuse. Ikinuka udongo imeiva. Ikinuka uchachu irudishe. Changanya fungu moja la mbolea na mafungu mawili ya udongo katika gunia la sukuma wiki.

Kosa: Kupanda katika mbolea mbichi. Huwa bado inaoza, inanyang'anya mmea naitrojeni, na miche hukauka mizizi. Yale maji meusi ya chini nayo usiyanyunyizie majani ya mboga, hasa ya kachumbari. Yamwage kwenye shina la mpapai.